Malkia Mbele, Askofu Nyuma, na Askari Mlangoni

Kabla sijaanza mazungumzo ya usiku huu, namwomba kila aliye na ubao wa sataranji auweke mezani, na asiye nao achore miraba minane kwa minane juu ya karatasi, kwa sababu jambo nitakalolieleza huonekana kwa jicho upesi kuliko linavyosikika kwa sikio, na redio, pamoja na fadhila zake zote, haina jicho la kumkopesha msikilizaji. Nyumba za ubao nitazitaja kama wanavyozitaja wachezaji wa dunia nzima: safu za wima zina herufi, kuanzia a mpaka h, toka kushoto kwa Mweupe kwenda kulia kwake, na safu za ulalo zina nambari, kuanzia 1 mpaka 8, toka kwa Mweupe kwenda kwa Mweusi. Nitakwenda taratibu, na palipo pagumu nitarudia.

Weka kidole chako juu ya nyumba b1, kisha kipeleke kombokombo, c2, d3, e4, f5, g6, hata kifike h7. Njia hiyo ya nyumba saba ndiyo mshazari nitakaouzungumzia. Mwisho wake, h7, umepakana na g8, na g8 ndiyo nyumba ambayo mfalme mweusi aghalabu huhamia mapema, ngome yake ikakaa ubavuni pake katika f8, na askari watatu wakasimama mbele yake, f7, g7 na h7, kama ukuta. Kwa macho ukuta huo ni imara. Lakini askari wa h7, ukimtazama vizuri, hana mlinzi isipokuwa mfalme mwenyewe, na farasi wa f6 maadamu farasi yuko f6. Na mfalme ni mlinzi dhaifu, kwa kuwa hawezi kumla adui aliyesimama mahali panapolindwa na adui mwingine. Hapo ndipo fikira ya mashambulizi haya ilipozaliwa: malkia aende akae h7, na nyuma yake, juu ya mshazari ule ule, awepo askofu wa kumlinda, ili mfalme amwone malkia mlangoni pake asiweze kumgusa.

Fikira hiyo haikuwezekana siku zote. Mchezo huu ulipokuwa mikononi mwa Waarabu na Waajemi, ambao kwao sisi tumelipata jina la sataranji, hapakuwa na malkia wala askofu. Mahali pa malkia palikuwa na waziri, jina lake firzan, naye alikwenda kombo nyumba moja tu. Na mahali pa askofu palikuwa na tembo, jina lake fil, naye alikwenda kombo nyumba mbili kwa kuruka, hata kama nyumba ya katikati ina mtu. Ukizingatia habari hiyo utaona kwamba tembo hakuweza kuzuiwa na kitu chochote, kwa kuwa alikiruka, na waziri hakuwa na njia ndefu ya kuzuiliwa. Katika mishazari ya mchezo wa namna hiyo hakuna mlango wa kufungwa, na pasipo mlango wa kufungwa hapana saa ya kuufungua. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ndipo wawili hawa walipopewa mwendo mrefu wa leo, na papo hapo wakapata udhaifu ambao wazee wao hawakuwa nao: askari mdogo akisimama katikati ya njia, nguvu yao yote humkomea yeye. Sataranji ya sasa, kwa sehemu kubwa, ni elimu ya askari huyo mdogo wa katikati.

Sasa tuupange mzinga wetu. Nauita mzinga kwa kuwa kete hizi mbili zikipangwa juu ya mstari mmoja hupiga mahali pamoja kwa nguvu moja. Mweke malkia mweupe d3, na askofu nyuma yake, c2. Angalia sana mpango huo: malkia mbele, askofu nyuma. Wanafunzi wengi huupindua, wakamweka askofu d3 na malkia c2, wakadhani ni mamoja, na si mamoja hata kidogo. Askofu akiwa mbele atakula h7, mfalme atasogea h8, na hapo shambulio limekwisha; umepata askari mmoja, na askofu wako amesimama mbele ya malkia wako akimziba njia. Malkia akiwa mbele, yeye ndiye anayeingia h7, na malkia mlangoni humkamata mfalme asiye na pa kukimbilia. Ngome ya f8, ambayo kazi yake ilikuwa kumlinda mfalme, sasa imeikalia nyumba pekee ambayo angekimbilia. Hilo nalo likumbuke, kwa maana nitalirudia: ngome ikiwa f8, malkia kuingia h7 ni mwisho wa mchezo, ngome ikiwa imehamia e8, mfalme hupita f8 akaenda zake e7, na pengine akasalimika.

Ongeza basi askari wawili weupe, mmoja d4 na mmoja e4, na mfalme mweupe g1 na askari wake watatu mbele yake. Kwa Mweusi mweke mfalme g8, ngome f8, askari f7, g7, h7 na e6, farasi f6, na malkia e7. Mzinga umepangwa, lakini askari wetu wenyewe wa e4 amesimama mbele ya mdomo wake. Mchezaji asiye na uzoefu humtazama askari huyo kama kizuizi, akatamani asingalikuwapo. Mimi nasema huyo ndiye sehemu ya thamani kuliko zote katika mzinga. Sukuma askari huyo toka e4 mpaka e5, kisha tazama mambo mawili yaliyotokea kwa mwendo mmoja: mshazari umefunguka mpaka h7, na farasi wa f6, mlinzi wa h7, ametishiwa kuliwa. Farasi akiondoka, popote aendako, h7 imebaki wazi na malkia anaingia. Akijitupa e4 ili azibe njia, malkia anamla hapo hapo, na tishio la h7 liko pale pale. Mweusi akisukuma askari wa g7 mpaka g6 ili kuuziba mshazari, mfalme amepona, lakini farasi analiwa. Na askari wa f7, ambaye angaliweza kwenda f5 kuziba njia, hawezi kujongea, kwa kuwa farasi wake mwenyewe amemkalia mbele. Wengine husukuma h7 mpaka h6 wakidhani wamejikinga. Haisaidii: malkia haitaki kete iliyokuwa h7, anaitaka nyumba yenyewe, na nyumba haiwezi kuhamishwa.

Mpaka hapa jambo laonekana jepesi, na kama lingalikuwa jepesi hivyo nisingalichukua wasaa wenu. Ugumu uko katika saa ya kumsukuma askari, na nitaueleza kwa kisa kilichonipata mwenyewe nilipokuwa kijana, kwa sababu hasara niliyoiona kwa macho yangu siku ile ilinifundisha kuliko vitabu nilivyokuwa nimevisoma.

Tulikuwa barazani baada ya sala ya alasiri, mimi na mzee mmoja fundi cherehani ambaye alikuwa akicheza kimya, huku kikombe chake cha kahawa kikipoa bila ya kuguswa. Nilikuwa na mzinga huu huu, malkia d3, askofu c2, askari d4 na e4. Kwake palikuwa na tofauti mbili tu ambazo sikuzitilia maanani: askari wake mmoja alikuwa d6, na malkia wake hakuwa e7, bali nyumbani kwake, d8. Nilipoona farasi wake f6 na ngome yake f8, moyo ulinienda mbio. Nikamsukuma askari wangu e5, nikaondoa mkono, nikainua macho nimwone atakavyotaharuki. Hakutaharuki. Askari wake wa d6 akamla wangu wa e5. Nikamla kwa askari wangu wa d4, na sasa farasi wake ametishiwa kama nilivyotaka na mshazari uko wazi kama nilivyotaka. Naye, bila ya haraka, akamteremsha malkia wake toka d8 moja kwa moja mpaka d3, akamla malkia wangu. Nikamla malkia wake kwa askofu wangu, maana sikuwa na la kufanya jingine, farasi wake akaondoka kwa amani akaenda g4 kumtishia askari wangu wa e5, na mzinga wangu haukuwapo tena. Mzee akashika kikombe chake, akaniambia, “Mwanangu, mlango ulioufungua ulikuwa wangu, si wako.”

Neno lile nimelichukua mpaka leo. Askari akisogea au akiliwa hafungui njia moja peke yake. Aghalabu hufungua njia ya pili, na wakati mwingine ya tatu, na ubao hauulizi nani alizifungua, humtumikia yule aliye tayari kuzipita. Mimi niliutazama mshazari wa b1 mpaka h7 nikaona unafunguka. Sikuitazama safu ya d, ambayo ilifunguka kwa mwendo huo huo baada ya askari wawili kulana, na katika safu hiyo malkia wangu na malkia wake walikuwa wakitazamana pasipo pazia. Na mzinga ambao malkia wake anaweza kubadilishwa kwa malkia si mzinga tena.

Dawa ya msiba ule ipo, nayo ni kuupanga mzinga nyuma zaidi juu ya mshazari ule ule: malkia c2 na askofu b1. Umbali hauwapunguzii nguvu, kwa sababu mshazari ukiwa wazi nyumba mbili na nyumba tano ni sawa. Lakini malkia ametoka katika safu ya d, na askari wakilana hapo e5, malkia mweusi hamwoni tena. Kwa mpango huu, mwendo ule ule wa e5 ambao kwangu ulikuwa maangamizi unakuwa ushindi, na mzee wangu angalipoteza farasi au mfalme. Una gharama yake, nayo sharti uijue: askofu akikaa b1 anaifungia ngome yako ya a1 kama mtu aliyewekewa gunia mlangoni, basi ni lazima ngome hiyo iwe imekwisha kutoka kabla, kwenda d1 au e1, na miendo yote hiyo hula wakati.

Na wakati haumngoji mshambulizi. Mweusi naye ana macho. Alama ya kwamba amekwisha kuutambua mzinga wako ni ngome yake kutoka f8 kwenda e8. Mwendo huo, ambao machoni pa wengi hauna maana, una maana mbili: umempa mfalme nyumba ya kukimbilia, na umempisha farasi aje akae f8. Farasi wa f8 huilinda h7 kama yule wa f6, lakini askari wako wa e5 hamfikii. Ukiiona ngome inatoka f8 na farasi wa pili yuko d7, jua kwamba umebakiwa na mwendo mmoja tu. Ama ufungue sasa, ama ukubali kwamba mshazari huu umekufa, ukatafute kazi nyingine. Mlinzi mwingine husukuma g6 mapema. Hapo mzinga wako umegonga mwamba, lakini usisikitike mno, kwa maana g6 huziacha f6 na h6 bila ya askari wa kuzilinda, na askofu wako wa pili, yule aendaye juu ya nyumba nyeusi, hupata pa kukaa.

Sasa naomba mwondoe kete zote ubaoni, nasi twende Moscow, mwaka 1969, katika mashindano ya ubingwa wa Muungano wa Sovieti, pale Lev Polugaevsky alipocheza na Mikhail Tal. Tal alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 1960, na hapakuwa na mtu duniani aliyeogopewa kwa mashambulizi kuliko yeye. Siku hii alikuwa upande wa kushambuliwa. Nimekichagua kisa hiki kwa kuwa ndani yake mzinga haukupangwa mapema ukakaa ukingoja. Mshazari ulifunguliwa kwanza, malkia akaufuata baadaye, na utaratibu wa kuufungua ulikuwa na hekima ambayo sijaiona mara nyingi.

Pangeni hivi. Mweupe: mfalme g1, malkia d2, ngome d1 na e1, askofu d3, farasi f3, na askari a2, d4, e4, f2, g2, h2. Mweusi: mfalme g8, malkia d8, ngome c8 na f8, askofu b7, farasi a5, na askari a7, b6, e6, f7, g7, h7. Hesabu ya kete ni sawasawa. Zamu ni ya Polugaevsky, hatua ya 16.

Kabla ya kusogeza kitu, tazameni mahali alipo farasi mweusi. Yuko a5, ukingoni kabisa. Hakuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Hatua mbili nyuma askofu mweupe alikuwa c4, na Tal alimpeleka farasi a5 ili amfukuze. Askofu akaondoka, akaenda wapi? Akaenda d3, juu ya mshazari wa h7. Kwa hivyo farasi aliyeweza kurudi kumlinda mfalme amejitenga mbali, na kwa mwendo ule ule amemsukuma askofu mpaka mahali ambapo mfalme wake angependa asiwepo. f6 haina mtu. h7 inalindwa na mfalme peke yake. Hiyo ndiyo ishara ya saa. Kilichobaki ni askari mweupe wa e4, ambaye anamziba askofu wa d3.

Mtu kama mimi wa baraza ile angalimsukuma askari huyo e5 papo hapo. Mshazari ungefunguka, ni kweli. Lakini tazameni mwingine uliofunguka pamoja nao. Askofu mweusi wa b7 anatazama c6, d5, e4, f3, mpaka kwa mfalme mweupe. Askari wa e4 alikuwa akimziba yeye pia! Akiondoka, askofu wa b7 anamwona farasi wa f3, ambaye ndiye atakayehitajika katika shambulio, na nyumba ya d5 inakuwa makao mazuri ya kete yoyote ya Mweusi, kwa kuwa hakuna tena askari mweupe wa kuitisha. Mlango mmoja, wapitaji wawili.

Polugaevsky akasukuma kwanza d4 mpaka d5, akitoa askari bure. Tal akamla kwa askari wa e6. Na hapo, badala ya kurudisha haki yake kwa kumla askari wa d5 kama ambavyo mkono wa kila mtu ungependa kufanya, Mweupe akasukuma e4 mpaka e5. Itazameni picha hii vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nije mbele ya chombo hiki usiku huu. Mshazari wa askofu mweupe, d3 mpaka h7, uko wazi mweupe pe. Mshazari wa askofu mweusi, b7 mpaka f3, umezibwa, na aliyeuziba ni askari mweusi mwenyewe, yule aliyekula d5 na sasa amekaa hapo asiweze kuondoka haraka. Kwa gharama ya askari mmoja, Mweupe ameufungua mlango wake na kuufunga wa jirani, na kufuli ya mlango wa jirani imetiwa na jirani. Kama angalianza na e5, mwendo wa d5 ungalimkuta Mweusi amekwisha kujipanga. Kama angalisukuma d5 kisha akamla askari wa d5, mshazari wake ungalifunguka na wa mwenzake pia, mara hasimu atakapomwondoa askari huyo. Mpangilio ni ule mmoja tu, na nafasi yake ilikuwa hatua ile.

Nitoke nje ya mchezo kidogo. Mwaka huo huo, katika mji huo huo wa Moscow, Boris Spassky alikutana na Tigran Petrosian kugombea ubingwa wa dunia, na katika mchezo wao wa tano mlolongo wa ufunguzi ulikuwa huo huo karibu mpaka mwisho. Spassky naye alisukuma d5. Lakini farasi wa Petrosian alikuwa bado c6, hajakwenda ukingoni, na askofu mweupe alikuwa bado c4, hajafukuzwa. Basi Spassky akamla askari wa d5 kwa askofu huyo, na mchezo ukaenda njia nyingine kabisa, njia ya kumiliki katikati na ya askari anayekimbilia mwisho wa ubao. Alishinda yeye pia. Mwendo ulikuwa mmoja, ila saa haikuwa moja, na kila mmoja wao aliufanya ule uliokuwa wa saa yake.

Turudi kwa Tal. Alimleta farasi toka a5 mpaka c4, akimtishia malkia wa d2, na malkia akahamia f4. Sasa yuko hatua moja kutoka f5, na akifika f5 amesimama mbele ya askofu wa d3, mzinga umekamilika na h7 haina mlinzi ila mfalme. Tal aliliona hilo bila ya shaka, akachagua kuuvunja mzinga mahali penye nguvu yake: farasi akaingia b2, akimtishia askofu wa d3 na ngome ya d1 kwa pamoja. Ni jawabu la bingwa. Farasi akimla askofu, hakuna mzinga wa kuzungumzia.

Lakini askofu aliyehukumiwa kufa ana uhuru ambao askofu mwingine hana. Katika hatua ya 19 alikwenda akamla askari wa h7 na kumtishia mfalme. Mfalme akamla. Farasi mweupe akatoka f3 akaja g5, tishio tena, na mfalme, akiogopa kurudi g8 ambako malkia angemfuata kwa njia ya h4, akatoka nje mpaka g6. Polugaevsky hakukimbilia tishio jingine. Akasukuma kimya askari wa h2 mpaka h4, mwendo ambao wengi hawauoni kwa kuwa hauna kelele. Tal akaileta ngome c4 kumtishia malkia. Askari akasonga h5, akimtishia mfalme, mfalme akaenda h6. Farasi akala f7, na kwa kuwa alipotoka g5 alimfungulia malkia njia ya kumwona mfalme huku yeye mwenyewe akimtishia, matishio yalikuwa mawili kwa mwendo mmoja, na tishio la namna hiyo halizuiliki kwa kumla mmoja wao. Mfalme hakuwa na budi kurudi h7.

Na hapo, katika hatua ya 24, malkia akaenda f5. Ndiyo, f5, juu ya mshazari ule ule, akimtishia mfalme aliye h7 kwa kupitia g6. Askofu hayupo tena nyuma yake. Amekwisha kujitoa hatua tano nyuma. Lakini njia aliyoifungua ipo, na malkia amechelewa kuifika bila ya kuwa amechelewa. Mfalme akakimbilia g8, askari wa e5 akasonga e6 kumlinda farasi wa f7, na Tal akaona kwamba hana wokovu isipokuwa kubadilisha malkia kwa malkia. Wakabadilishana f6. Polugaevsky alikuwa ameuchambua mlolongo huu nyumbani kabla ya kuja kucheza, naye alijua kwamba kubadilishana malkia kwa namna hii hakumwokoi mtu.

Kwani farasi wa b2 alikuwa bado b2. Alikwenda pale kumwinda askofu na ngome. Askofu alikwisha kuondoka, na ngome ya d1 sasa ilisogea d2 ikamtazama uso kwa uso. Tal, akiwa na askari mweupe wa e6 karibu kufika mwisho wa ubao na farasi mweupe katikati ya ngome zake, hakupata nafasi ya kumshughulikia farasi wake, na katika hatua ya 28 ngome nyeupe ikamla farasi huyo pale pale alipoingia. Mchezo uliendelea mpaka hatua ya 37, ngome nyeupe ilipokula askari wa a7, ndipo Tal akampa mwenziwe mkono.